Wamefuta shahada kwenye tangazo la kazi, lakini mtihani uko wapi?

Kila baada ya miezi michache habari ileile huzunguka kwenye simu zetu: huko Marekani kampuni kubwa na hata serikali za majimbo zimeacha kudai shahada, sasa wanaangalia ujuzi tu. Habari ikishafika huku, watu hugawanyika papo hapo. Kijana aliyehitimu chuo na kukaa nyumbani miaka mitatu anaisoma kama kejeli juu ya ada aliyolipiwa na wazazi wake. Aliyeishia kidato cha nne anaisoma kama mlango uliofunguliwa. Mwenye ofisi naye anaisoma kama ruhusa ya kufuta mstari mmoja kwenye tangazo na kujiona ameendana na wakati. Nadhani wote watatu wameisoma vibaya. Kufuta sharti la shahada peke yake hakubadilishi anayeajiriwa. Kinachobadilisha ni kile kinachowekwa mahali pake, yaani mtihani wa vitendo unaofanana na kazi yenyewe, na huo una gharama, una namna yake ya kutungwa na una namna zake za kuharibika. Asiyekuwa tayari kuutunga vizuri ni afadhali aliache tangazo lake kama lilivyo.

Nianze na kilichotokea kweli. Machi 2022, jimbo la Maryland chini ya gavana Larry Hogan lilitangaza kuondoa sharti la shahada kwenye maelfu ya kazi za serikali. Januari 2023, Josh Shapiro alipoingia ofisini kama gavana wa Pennsylvania, alisaini agizo kama hilo kwa asilimia 92 ya kazi za jimbo, nafasi kama 65,000. Kampuni nyingi binafsi zilikuwa zimeshatoa ahadi za namna hiyo. Mwaka 2024 watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard na Taasisi ya Burning Glass wakafuatilia: baada ya matangazo kubadilishwa, ni nani hasa aliyeingia kazini? Jibu lao halikusambaa kwenye simu kama ile habari ya kwanza. Katika kazi zilizofutiwa sharti, sehemu ya walioajiriwa bila shahada iliongezeka kwa pointi kama tatu na nusu tu za asilimia. Ukichukua ajira zote za mwaka, zilizoguswa na mabadiliko hayo hazikufika moja katika kila 700. Karibu nusu ya kampuni walizozichunguza, asilimia 45, zilikuwa zimebadilisha maneno tu, na watu walioajiriwa walibaki walewale. Nyingine, asilimia 18, zilianza vizuri kisha zikarudi nyuma.

Takwimu hizo hazionyeshi kwamba kampuni zilidanganya. Zinaonyesha kazi ambayo shahada ilikuwa ikiifanya kimyakimya. Afisa wa rasilimali watu aliyepokea barua 600 kwa nafasi mbili anahitaji kubaki na 30 kabla ya Ijumaa. Shahada inamsaidia kufanya hivyo kwa nusu saa, bila kumwita mtu hata mmoja, bila kulipia ukumbi, na bila ya mtu kumlaumu. Gharama ya chujio hilo ameshalipa mwombaji na familia yake, si ofisi. Sasa ukimfutia afisa huyo mstari wa shahada bila kumpa chujio lingine, bado ana barua 600 mezani na bado anatakiwa abaki na 30 Ijumaa. Atafanya ambacho mtu yeyote angefanya: atawatanguliza wenye shahada, ingawa tangazo halikuwataka. Ndiyo maana ninasema sharti lenyewe liko kichwani na mezani, na kulifuta kwenye karatasi hakulifikii huko.

Huku kwetu wingi huo wa waombaji tunaujua vizuri. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na waliojitokeza walizidi 10,000 kwa nafasi 70. Wengi waliiona picha ile ya majukwaa yaliyojaa vijana wenye bahasha mikononi. Mtu anayependekeza tupime kwa vitendo lazima kwanza aseme atafanya nini na majukwaa yale, la sivyo pendekezo lake ni la nchi nyingine. Nitalirudia.

Kabla ya hapo tukumbuke kwamba kupima kwa vitendo si jambo geni kwetu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ina usaili wa mchujo, usaili wa mahojiano, na kwa kada kama za madereva na makatibu mahsusi upo pia usaili wa vitendo. Dereva anaendesha. Katibu mahsusi anachapa. Kenya ina mitihani ya ufundi ya serikali yenye madaraja matatu, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, na fundi anaweza kujitokeza kupimwa kwa kazi ya mikono yake. Hapa Tanzania VETA wanaendesha urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia gereji au kwenye saiti anapimwa, anaonyeshwa mapengo yake, anayaziba, kisha anapewa cheti. Hata matangazo ya zamani ya katibu mahsusi yaliyotaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika yalikuwa yakitaja kipimo cha kazi, ingawa ushahidi wake uliombwa kwa cheti. Kilichotokea ni kwamba kadiri wahitimu wa vyuo walivyoongezeka, kazi za katikati, zile za karani, msaidizi wa stoo, mhudumu wa wateja na msimamizi wa data, ziliacha kupimwa na zikaanza kudai karatasi.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya mabadiliko haya ni kwamba tunashusha viwango. Ninaiona ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inachukulia kwamba shahada ndiyo kiwango. Kiwango cha karani ni usahihi wa kumbukumbu zake, na usahihi huo haukuandikwa kwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa. Mahakama Kuu ya Marekani ililitazama jambo hili mwaka 1971 katika kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power. Kwenye kituo kimoja cha kuzalisha umeme huko North Carolina, wafanyakazi weusi walifungiwa katika idara ya vibarua. Kampuni ilikuwa ikidai cheti cha sekondari kwa anayetaka kuingia idara nyingine, na siku sheria ya kupinga ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, Julai 1965, ikaongeza na mitihani miwili ya jumla. Mahakama iliona kwamba wafanyakazi wa zamani ambao hawakuwa na cheti wala hawakufanya mitihani hiyo waliendelea kufanya kazi vizuri na kupandishwa vyeo katika idara hizohizo. Sharti halikuwa na uhusiano uliothibitishwa na kazi. Majaji wakasema kipimo lazima kimpime mtu kwa ajili ya kazi.

Nimeichagua kesi hiyo kwa sababu inakata pande zote mbili, na wanaoshangilia mitihani mara nyingi huisahau nusu yake ya pili. Mitihani iliyokataliwa pale Duke Power ilikuwa mitihani. Mmoja ulipima wepesi wa akili kwa jumla, mwingine uelewa wa jumla wa mambo ya mitambo. Iliwazuia watu kama cheti kilivyowazuia, na kwa sababu ileile: haikufanana na kazi. Kwa hiyo ofisi inayofuta shahada na kuleta maswali 50 ya hesabu za mafumbo na Kiingereza cha darasani imehamisha ukuta tu. Anayefaulu humo ni yuleyule aliyesoma shule nzuri.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake, na ni ya kuumiza. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Katika kipindi hichohicho waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote, kwa kuwa hawakuwa na cheti cha kidato cha nne. Mwaka uliofuata serikali ikaamua kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, kabla sharti la kidato cha nne halijaanza kutumika, warejeshwe. Siwatetei walioghushi. Kughushi ni kosa, na aliyemwibia mwenzake nafasi kwa cheti cha uongo amemdhulumu mtu halisi. Lakini tujiulize jambo moja: wengine walikaa kazini miaka mingi, na kilichowafichua ni uhakiki wa makaratasi, siyo mkuu wao wa kazi. Hilo halithibitishi kwamba walikuwa hodari. Linathibitisha kwamba ofisi zetu hazikuwa na njia ya kuona uhodari wala uzembe kwa kutazama kazi. Tulitegemea cheti mlangoni, na ndani tukaacha kupima kabisa.

Hoja ya pili dhidi ya mtihani ni nzito zaidi, na mtu anayeipuuza hajawahi kuomba kazi katika nchi hii. Inasema: cheti, kwa udhaifu wake wote, angalau ni cha nje. Kimetolewa na watu wasionijua wala kumjua meneja. Mtihani wa vitendo unatungwa ndani, unasahihishwa ndani, na mpwa wa meneja anaweza kuuona jana yake. Mtoto wa mkulima asiye na mtu mjini ana silaha moja tu, nayo ni matokeo yake. Ukimwambia matokeo hayahesabiwi tena, tutakupima ofisini, unamrudisha kwenye ulimwengu wa kujuana. Hoja hii ni ya kweli, na ninaamini ndiyo inayopaswa kuamua namna mtihani unavyotungwa. Mtihani usioweza kuonyeshwa kwa mtu wa nje pamoja na karatasi zilizosahihishwa na alama zake haufai kuchukua nafasi ya cheti. Kuna pia hoja ya tatu, kwamba shahada inaonyesha uvumilivu. Kwa kiasi fulani inaonyesha, lakini inaonyesha vilevile nani alikuwa na mlipa ada, na hatuwezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa kutazama karatasi.

Je, mtihani wa vitendo unatabiri utendaji kweli? Watafiti wa saikolojia ya kazi wamelipima hili kwa miongo mingi. Wanatumia kipimo kinachoanzia sifuri, maana yake kipimo hakisemi lolote juu ya kazi, hadi moja, maana yake kinasema yote. Mwaka 1998 Schmidt na Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 na kuona kwamba miaka ya kukaa shule ilipata 0.10, na mtihani wa sampuli ya kazi 0.54. Namba hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba mwaka 2022 Sackett na wenzake waliyarudia mahesabu, wakasema masahihisho ya zamani yalizidisha, na sampuli ya kazi ikashuka hadi 0.33. Usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizopangwa mapema ndio ukapanda kileleni, 0.42. Ninazipenda namba hizi mpya kwa sababu zinatupa unyenyekevu. Mtihani wa vitendo unasaidia, na unasaidia zaidi ukiambatana na usaili wenye mpangilio. Ukiusimamisha peke yake na kuuamini kama mganga, utakuangusha.

Sasa niende kwenye mfano, maana hapa ndipo mambo huamuliwa. Chukua karani wa data kwenye mradi wa afya. Kazi yake ni kuchukua rejesta za zahanati zilizoandikwa kwa kalamu na wauguzi, kuziingiza kwenye kompyuta, na kutoa jumla ya mwezi. Matangazo mengi yanadai shahada ya takwimu au teknolojia ya habari. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye jopo lililoajiri karani wa aina hiyo kwa sharti hilohilo. Tulimchukua kijana msafi, mwenye shahada, aliyejieleza vizuri kuliko wote. Mwezi wa tatu mganga mmoja akauliza kwa nini zahanati yake ina watu wazima wengi kliniki ya watoto. Mtoto wa miezi 34 alikuwa ameingia kama mtu wa miaka 34, na hakuwa peke yake. Kijana hakuwa mvivu, na kosa lilikuwa letu. Hakuna aliyewahi kumweka mbele ya rejesta.

Kutunga mtihani wa kazi hii huanza kwa kuketi na makarani waliopo na kuwauliza swali moja: makosa gani yanaturudia? Usiwaulize sifa za karani bora, watakupa maneno ya kwenye matangazo. Ukiuliza makosa utapata mambo manne au matano yenye nyama. Miaka na miezi kuchanganywa. Mgonjwa mmoja kuingizwa mara mbili kwa kuwa safari moja aliandikwa Mwanaidi na nyingine Mwanaid. Nafasi iliyoachwa wazi kujazwa sifuri, ilhali sifuri maana yake tulihesabu tukakosa, na wazi maana yake hatukuhesabu. Tarehe kugeuzwa na kompyuta. Namba ya simu kupoteza sifuri yake ya mwanzo. Huo ndio mtaala wa mtihani wako.

Kisha unatengeneza kurasa mbili za rejesta ya kubuni, mistari 40, kwa mwandiko wa muuguzi mwenye haraka, bila jina la mgonjwa wa kweli hata mmoja. Ndani yake unapanda makosa sita: mtu aliyerudiwa, tarehe ya hudhurio iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa, umri usiosema ni miezi au miaka, jinsia iliyoachwa wazi, namba ya kadi isiyosomeka kati ya 1 na 7, na jumla ya ukurasa isiyolingana na mistari. Mwombaji anapewa dakika 45, kompyuta yenye Excel, na karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili. Maelekezo yanasema wazi: ukikuta jambo lisiloeleweka usikisie, liandike pembeni kama swali kwa zahanati. Kazi ya pili ni faili la mistari 300 lililokwisha kuingizwa na mtu mwingine, lenye matatizo ya kompyuta yenyewe. Ukiandika 0712 na tarakimu zinazofuata, Excel huiona ni hesabu na kuifuta ile sifuri. Kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, 03/04/2024 inakuwa tarehe 4 Machi bila kukuambia, na 25/04/2024 inabaki maandishi tu kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Mwenye jicho ataliona hilo hata kabla ya kugusa kitufe: tarehe za kweli zimeegemea kulia kwa safu na zile zilizobaki maandishi zimeegemea kushoto. Anayejua kusaka waliorudiwa ataandika kitu kama hiki kando ya namba za kadi:

```
=COUNTIF(B:B,B2)
```

na popote panapotoka 2 au zaidi atasimama na kutazama. Asiyejua fomula lakini akapanga namba kwa mfuatano na kuwaona kwa macho naye apewe alama zake, kwa sababu kazi ilikuwa kuwaona.

Alama zipangwe kabla ya mwombaji wa kwanza kuingia chumbani. Mimi ningetoa 40 kwa usahihi wa mistari ya kawaida, 30 kwa makosa yaliyopandwa, 20 kwa namna alivyoshughulikia yasiyosomeka, na 10 kwa ujumbe mfupi wa kumwandikia muuguzi kumwomba ufafanuzi bila kumkera. Kasi nisingeipa kitu zaidi ya ule muda wenyewe, kwa kuwa karani mwepesi anayekosea ni ghali kuliko mzito. Halafu kuna hatua ambayo ofisi nyingi huiruka: uwape mtihani makarani ulionao tayari. Kama yule unayemtegemea zaidi anapata 60 na yule unayemrekebishia kila mwezi anapata 90, mtihani wako unapima kitu kingine. Utupe, uanze upya. Mtihani ukiwapanga sawasawa, alama ya yule wa kati, ambaye kazi yake inakubalika, ndiyo alama ya kufaulu, na umeipata bila kuitoa hewani.

Hapa ndipo hoja ya kujuana inajibiwa, kwa utaratibu wa kawaida sana. Waombaji wanapewa namba, majina yanafungiwa kwenye bahasha. Wanasahihisha watu wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana zaidi ya alama kumi anaitwa wa tatu. Yanatengenezwa matoleo matatu ya rejesta yenye makosa ya aina moja katika mistari tofauti, na toleo linachaguliwa asubuhi ya mtihani. Karatasi zinahifadhiwa mwaka mzima, na aliyekosa ana haki ya kuonyeshwa alama zake. Mpwa wa meneja bado anaweza kupenya, lakini sasa anaacha nyayo. Usaili wa mazungumzo tunaoufanya leo hauachi hata hizo.

Na majukwaa yale ya uwanjani? Huwezi kuwapa watu 10,000 kompyuta na dakika 45. Unachoweza ni kupanga hatua ya kwanza fupi, ya karatasi na kalamu, dakika 15, inayofanana bado na kazi: ukurasa wa rejesta wenye mistari 15 na makosa matano, zungushia ulichokiona na uandike kwa nini. Inasahihishwa kwa ufunguo, na haihitaji mtu kusafiri hadi Dar es Salaam, maana inaweza kufanyika siku moja mikoani. Watakaofika kwenye kompyuta watakuwa makumi. Gharama ipo: ukumbi, wasimamizi, siku za watu wa kusahihisha. Ofisi isiyoweza kuibeba kwa nafasi moja ya muda mfupi ninaielewa, na kwa hiyo vyeti vya VETA vya ujuzi uliopimwa vina maana kubwa, kwa kuwa vinamruhusu mwajiri mdogo kutumia kipimo alichofanya mwingine.

Kuna mambo matatu yanayouharibu mtihani hata ukiwa umetungwa vizuri. La kwanza ni kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la usaili. Nimeona vijana wakipewa siku tano watengeneze mpango mzima wa matangazo ya biashara, hawakuitwa tena, na mpango wao wakaukuta mtaani. Mtihani wa halali hutumia kazi ya kubuni au ya zamani, na hauzidi saa mbili bila malipo. Mtu aliyetoka Morogoro arudishiwe nauli yake. La pili ni kumpa mwombaji kazi ya kufanyia nyumbani kisha kuiamini, wakati hujui nani amekaa kwenye kiti. La tatu halionekani kwa haraka: kupima kile ambacho mtu angejifunza katika wiki ya kwanza, kama vile jina la mfumo wenu wa kompyuta. Hapo unamwajiri aliyewahi kufanya kazi kwa jirani yako na kumwacha mwenye jicho.

Vilevile kuna kazi ambazo mtihani wa saa mbili hauna la kusema. Mfamasia, muuguzi, mhandisi wa madaraja: makosa yao huonekana baada ya miaka au juu ya mwili wa mtu, na mafunzo yao yamejengwa kuzunguka yale yanayotokea mara chache. Sitaki daktari aliyefaulu sampuli ya kazi. Mpaka uko hapo: je, kosa la mwezi wa kwanza linaweza kuonekana na kurekebishwa? La karani linaweza.

Kilichobaki ndicho kinachonisumbua zaidi. Ripoti ile ya Harvard ilionyesha kwamba katika kampuni zilizobadilika kweli, wasio na shahada walidumu kazini kuliko wenzao wenye shahada kwa pointi kumi za asilimia. Kwa mwajiri hiyo ni faida safi, maana hafundishi mtu mpya kila mwaka. Lakini kudumu kunahitaji mahali pa kwenda. Huku kwetu, kwenye utumishi wa umma hata kwenye mashirika mengi yanayouiga, muundo wa utumishi unafunga daraja la mshahara kwenye cheti. Karani aliyeingia kwa alama 88 za mtihani, akasafisha kumbukumbu za zahanati 20 kwa miaka minne, akawafundisha wageni watatu wenye shahada, atafungua tangazo la nafasi ya msimamizi wake anayestaafu na kukuta mstari wa kwanza unasema: awe na shahada ya kwanza. Hakuna aliyemtungia mtihani wa nafasi ile. Nikiulizwa tuanzie wapi, ningesema tuanze na tangazo hilo la ndani, kwa sababu kwa mwombaji huyo ofisi ina miaka minne ya rejesta zake kabatini na haihitaji ukumbi wala bahasha kuzifungua.